Safu ya F1 hadi F12: kwa nini sauti inatii na mwangaza unagoma

Mhasibu anafunga hesabu za mwezi kwenye Excel. Ameona kosa kwenye seli moja na hataki kuandika fomula nzima upya, kwa hiyo anabonyeza F2, kama alivyozoea kwenye kompyuta ya mezani, ili aingie ndani ya seli na kurekebisha tarakimu moja tu. Seli haifunguki. Kwenye skrini kinachomoza kialama cha spika na sauti inashuka. Anakwenda kwenye seli nyingine na kubonyeza F4 ili fomula ipate alama zake za dola, na maikrofoni inazimwa. Anajaribu F5, na kioo kinafifia.

Laptopu hiyo ni ThinkPad, na haijaharibika. Inafanya kazi kama ilivyopangwa kiwandani: kwenye safu ya juu, F1 hunyamazisha sauti, F2 huipunguza, F3 huiongeza, F4 huzima maikrofoni, F5 hupunguza mwangaza na F6 huuongeza. Kazi ya zamani ya vitufe hivyo, ile ya F yenyewe, imewekwa nyuma, na huifikii bila kushika kitufe kingine kwanza.

Zamani hapakuwa na nyuma wala mbele. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na vitufe kumi vya F, vimepangwa kwa safu mbili upande wa kushoto wa kibodi. Katikati ya miaka ya 1980 vikawa kumi na viwili na kuhamia juu, mahali vilipo mpaka leo. Vyenyewe havikuwa na maana yoyote ya kudumu, kila programu ilivipa kazi yake. Waliochapa barua kwa WordPerfect wanakumbuka kwamba F7 ilikuwa ya kutoka, na kwamba ofisi nyingi ziliweka juu ya kibodi karatasi iliyokatwa maalumu kuonyesha kila F inafanya nini. Mabaki ya mazoea hayo tunayo bado: F1 ni msaada, F5 hupakia upya ukurasa wa intaneti, F11 hujaza skrini, na Alt ikishikwa pamoja na F4 hufunga dirisha.

Laptopu ilipokuja, nafasi ikawa finyu. Mtengenezaji alihitaji mahali pa kuweka sauti, mwangaza, projekta na Wi-Fi, na hakutaka kuongeza safu nyingine ya vitufe. Ndipo kila F ikapewa kazi ya pili, na kikaongezwa kitufe cha kuchagua kati ya kazi hizo mbili: Fn. Kwa miaka mingi F ilibaki kazi ya kwanza, na anayetaka sauti ndiye aliyeshika Fn. Baadaye watengenezaji wengi waligeuza mpangilio, kwa hoja kwamba watu wanaopandisha na kushusha sauti ni wengi kuliko wanaobonyeza F2 kwenye Excel. Hoja hiyo siipingi. Kosa lao ni kugeuza bila kumwambia mnunuzi.

Ili kuelewa vituko vya safu hii, inabidi ujue kitufe cha Fn kinaongea na nani. Watu wengi hudhani kinaongea na Windows, kama Shift au Ctrl. Kwenye laptopu nyingi sivyo. Chini ya kibodi, kwenye bodi ya kompyuta, kuna chipu ndogo ambayo mafundi huiita EC. Chipu hii haitegemei Windows. Huwa macho hata laptopu ikiwa imezimwa, maana ndiyo inayosikia kitufe cha kuwashia, ndiyo inayosimamia chaji ya betri na feni, na ndiyo inayosoma kibodi. Inafanya kazi kama karani wa mapokezi: kila barua inapita kwake, na anaweza kubadilisha bahasha kabla bosi hajaiona.

Ukibonyeza F2, EC ndiyo inayojua kwanza. Inatazama: je, Fn imeshikwa? Je, mpangilio wa sasa unasema F ni kazi ya kwanza au ya pili? Kisha inapeleka Windows ujumbe mmoja tu kati ya miwili, ama “F2 imebonyezwa” ama “punguza sauti”. Windows hupokea ujumbe uliokwisha kuamuliwa. Fn yenyewe kwa kawaida haifiki huko kabisa, ndiyo maana kwenye laptopu nyingi huwezi kuipa kazi nyingine kwa programu ya kubadilisha vitufe: programu haiioni.

Hapo ndipo Fn Lock inapoeleweka. Haifungi kibodi, wala haizuii kitufe chochote, ingawa alama ya kufuli iliyochorwa juu yake imewatisha wengi. Inachofanya ni kugeuza jibu la lile swali la pili la EC. Ikiwa kwa sasa ukibonyeza F2 peke yake unapata sauti, na kwa Fn na F2 unapata F2 halisi, basi baada ya kuigeuza Fn Lock utapata F2 halisi kwa kubonyeza peke yake, na sauti kwa kushika Fn. Hakuna kazi iliyopotea, zimebadilishana viti tu.

Kwenye ThinkPad na laptopu nyingi za Dell unaigeuza kwa kushika Fn na kubonyeza Esc mara moja. Tazama kitufe cha Esc, mara nyingi kimeandikwa FnLk au FnLock, au kimechorwa kufuli kidogo chenye herufi Fn. Baadhi ya HP hutumia Fn na Shift. Kwenye kibodi za Surface unabonyeza Fn peke yake na taa yake inawaka. Taa hiyo, popote ilipo, usiikariri kwamba ikiwaka maana yake ni hii, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani. Kwenye ThinkPad taa ikiwaka ni F halisi, lakini ukihamia chapa nyingine unaweza kukuta kinyume. Kipimo kisichodanganya ni kivinjari: fungua ukurasa wowote, bonyeza F11 peke yake. Ukurasa ukijaa skrini nzima, F ndiyo ya kwanza. Usipojaa, kazi ya pili ndiyo inayotawala.

Kama Esc haina alama yoyote, mpangilio uko ndani ya BIOS, zile kurasa unazoingia kabla Windows haijaanza. HP huuita Action Keys Mode, Dell huuita Function Key Behavior, na kwenye laptopu kadhaa za Lenovo unaitwa Hotkey Mode. Na hapa kuna mtego mdogo unaowachosha watu: kwenye baadhi ya laptopu hata kuingia BIOS kunaathiriwa na jambo lilelile. Mtu anaambiwa abonyeze F2 wakati wa kuwasha, anabonyeza mpaka kidole kinauma, Windows inapita. Alitakiwa kushika Fn na F2.

Kwa kuwa uamuzi huu unafanyika kwenye EC na BIOS, kupiga Windows upya hakuugusi. Nimesikia fundi akimwambia mteja kwamba “Windows imechanganyikiwa, tuiweke nyingine”, kwa tatizo la F5 kufifisha kioo. Windows mpya itapokea ujumbe uleule kutoka kwa karani yuleyule. Fn na Esc zingemaliza kazi papo hapo, bila mteja kupoteza faili lolote.

Kompyuta za Apple zina njia yake. Pale macOS yenyewe ndiyo inayosoma kitufe cha fn na kuamua, kwa hiyo mpangilio uko kwenye System Settings, sehemu ya Keyboard, chini ya Keyboard Shortcuts na Function Keys, na unasomeka Use F1, F2, etc. keys as standard function keys. Hao Apple walithubutu hata kuifuta safu nzima: mwaka 2016 MacBook Pro ilitoka na Touch Bar, ukanda wa kioo badala ya vitufe. Esc halisi ilirudishwa mwaka 2019 kwenye modeli ya inchi 16, na mwaka 2021 modeli mpya za inchi 14 na 16 zikarudi na safu kamili ya vitufe. Wanaochapa bila kutazama kibodi hawakusikitika.

Sasa tuje kwenye swali linaloletwa kwa mafundi kila siku: kwa nini kitufe cha sauti kinafanya kazi na cha mwangaza, kilicho jirani yake kabisa, hakifanyi? Vinafanana kwa sura, vimepakana, lakini ujumbe wake haupiti njia moja.

Sauti ni jambo jepesi. Viwango vya kibodi vina ujumbe wake maalumu wa kuongeza, kupunguza na kunyamazisha sauti, na Windows inaufahamu bila kusaidiwa na mtu. Ndiyo maana hata kibodi ya bei ndogo ya USB, ukiichomeka kwenye kompyuta yoyote, inapandisha sauti mara moja. Kwa EC, kupeleka “punguza sauti” ni sawa na kupeleka herufi A.

Mwangaza una safari ndefu zaidi. Kioo cha laptopu kina taa nyuma yake, na taa hiyo kwa kawaida inaongozwa na upande wa picha, yaani chipu ya grafiki. Kwenye laptopu nyingi za Windows, ukibonyeza kitufe cha mwangaza EC haipeleki ujumbe wa kibodi. Inapiga kengele kupitia ACPI, utaratibu uliotolewa mwaka 1996 ili mfumo wa kompyuta na vifaa vyake vielewane kuhusu umeme, usingizi na mambo kama haya. Kengele inasema: mtumiaji anaomba mwangaza zaidi. Windows inaipokea, inahesabu kiwango kipya, halafu inaiagiza draiva ya grafiki. Draiva ndiyo inayobadilisha umeme wa taa. Kwa hiyo EC, Windows na draiva lazima wote wawepo na waelewane. Mmoja akikosekana, kitufe kinakaa kimya, au kialama cha jua kinatokea kwenye skrini na kupanda vizuri huku kioo hakibadiliki hata kidogo.

Chukua mfano ambao hautakuwa mgeni kwa yeyote aliyenunua laptopu ya mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue. Mashine imetoka ofisi fulani ya Ulaya, muuzaji ameipiga Windows mpya ili iwe safi. Nyumbani mwenyewe anagundua kwamba mwangaza uko juu kabisa na haushuki. Sauti inapanda na kushuka vizuri. Anageuza Fn Lock mara kadhaa, hakuna kilichobadilika. Dalili hizi tatu zikiwa pamoja zimeshasema mengi. Kibodi ni nzima, maana F2 na F3 jirani zinafanya kazi. Fn Lock haihusiki, maana kwa pande zote mbili mwangaza umegoma. Mshukiwa ni draiva ya grafiki.

Uthibitisho unapatikana kwa kushika kitufe cha Windows na R, kuandika amri hii na kubonyeza Enter:

```
devmgmt.msc
```

Linafunguka dirisha la Device Manager. Panua mstari wa Display adapters. Ukisoma jina la Intel, AMD au NVIDIA, draiva ipo. Ukisoma Microsoft Basic Display Adapter, umempata mkosaji. Hiyo ni draiva ya dharura ambayo Windows huiweka ili angalau uone picha. Inajua kuchora madirisha, haijui kuiongoza taa ya kioo. Dalili nyingine ya hali hii ni kwamba hata ule mstari wa kuburuta mwangaza kwenye mipangilio ya Windows huwa haupo, au upo na haushikiki, na pengine maandishi kwenye skrini ni makubwa kupita kiasi kwa sababu kioo hakiendeshwi kwa vipimo vyake.

Tiba si ngumu. Unganisha intaneti, fungua Settings, nenda Windows Update, kisha Advanced options, kisha Optional updates, uone kama draiva ya grafiki imeorodheshwa hapo. Isipokuwepo, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ingiza modeli au namba iliyobandikwa chini ya mashine, pakua draiva ya grafiki ya modeli hiyohiyo, iweke, uwashe upya. Jihadhari na zile tovuti zinazojinadi kuwa na draiva za kila kompyuta duniani, nyingi zitakuwekea usichokiomba.

Ikiwa draiva ya grafiki ilikuwepo tangu mwanzo na mwangaza bado umegoma, jaribu kuburuta mwangaza kwa kipanya kwenye mipangilio. Ukibadilika kwa kipanya na ukigoma kwa kitufe, basi kilichokatika ni mwanzo wa njia. Baadhi ya watengenezaji huweka programu yao katikati, inayopokea ujumbe wa vitufe maalumu na kuchora vile vialama: kwenye HP utakutana na jina HP Hotkey UWP Service, kwenye Lenovo ni Lenovo Hotkeys, kwenye ASUS ni ASUS System Control Interface. Windows iliyopigwa upya kwa flashi ya fundi mara nyingi haina programu hizo. Zinapatikana kwenye ukurasa uleule wa modeli yako, na bila hizo utaona vitufe vinavyofanya nusu ya kazi: sauti sawa, mwangaza sawa, lakini maikrofoni haizimiki na taa yake haiwaki.

Yapo mengine ambayo watu huvilaumu vitufe na vitufe havina hatia. Ukichomeka skrini ya nje, vitufe vya mwangaza vitaendelea kubadilisha kioo cha laptopu peke yake, kwa sababu skrini ya nje ina taa na vitufe vyake. Ukichomeka televisheni kwa waya wa HDMI, Windows inaweza kuihamishia sauti huko. Hapo ukibonyeza kitufe cha sauti unabadilisha sauti inayokwenda kwenye televisheni, na spika za laptopu ulizozikusudia hazisikii kitu. Kwenye Mac, sauti ya skrini iliyounganishwa kwa HDMI mara nyingi haibadiliki kabisa kwa vitufe, na unaonyeshwa alama ya katazo. Tumia rimoti ya televisheni.

Na kuna kioo kinachojifififisha chenyewe. Ukichomoa chaja na mwangaza ukashuka, ni Windows inabana betri. Ukiona mwangaza unapanda unapofungua ukurasa mweupe na kushuka unapotazama filamu yenye giza, huo ni mpangilio wa kubadilisha mwangaza kufuata kilichoko kwenye skrini. Kwenye Windows 11 ingia Settings, System, Display, bonyeza mshale wa Brightness, utaona Change brightness based on content. Wanaohariri picha wauzime bila kusita, maana unadanganya macho kuhusu rangi.

Hata ukubwa wa hatua hutofautiana, na hilo huwafanya watu wahisi kitufe kimoja ni kizito. Kwenye Windows, kila mbonyezo wa sauti husogeza namba 2 katika 100, kwa hiyo kutoka kimya hadi juu kabisa ni mibonyezo 50. Mwangaza kwa kawaida husogea kwa 10. Mac hugawa kila kimoja hatua 16, na ukishika Option na Shift pamoja na kitufe, hatua moja inagawanyika mara nne. Wanaotazama filamu usiku huku mtoto amelala wataipenda hiyo.

Tatizo pekee la safu hii ambalo kweli ni la kibodi ni kitufe kilichonasa. Sauti inashuka yenyewe mpaka sifuri, ukiipandisha inashuka tena, na kialama cha spika hakiondoki kwenye skrini. Hapo chai au vumbi vimeingia. Zima laptopu, igeuze kichwa chini, pulizia pembeni ya kitufe husika. Ikirudia, kibodi ibadilishwe, na hakuna draiva itakayosaidia.

Kwa hiyo unapokwenda kununua laptopu iliyotumika, usiishie kutazama kioo na kuuliza RAM. Bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti, kisha vyote viwili vya mwangaza uone taa ya kioo yenyewe inabadilika, kisha Fn na Esc, kisha F11 kwenye kivinjari. Mwangaza ukigoma, mwambie muuzaji aweke draiva ya grafiki mbele yako kabla hujatoa hela.